Tupeane uzoefu: mteja ana midomo minne, marekebisho ya video unayamalizaje?

Kibanda_58 (mwanzisha mada)

Sisi ni watatu tu hapa Section 58, Nakuru. Mimi naediti, mwenzangu anapiga picha, wa tatu anashika simu na pesa. Kinachotutoa jasho si kamera, ni ile wiki ya baada ya kumtumia mteja rasimu ya kwanza, ambayo bado haina rangi wala sauti iliyosafishwa.

Nianze na yangu. Ushirika mmoja wa maziwa upande wa Njoro ulitaka filamu ya dakika 12. Rasimu niliituma Ijumaa. Kufikia Jumatatu nilikuwa na maoni 41: mwenyekiti kwa ujumbe wa sauti, meneja kwa barua pepe, mweka hazina kwenye grupu la WhatsApp, na mfadhili akanipigia nikiwa ndani ya matatu ya Lanet. Moja lilisema, "Pale mama anaongea, punguza kidogo." Kina mama wanaoongea humo ni watano.

Ujinga niliofanya ni kushughulikia kila ujumbe ulivyoingia. Nikatuma v2, v3, v4. Mwenyekiti anazungumzia v2, meneja yuko v4. Hotuba ya mwenyekiti niliikata na kuirudisha mara tatu.

Siku ya tano nikaacha kuediti, nikafungua Google Sheets na kuhamishia kila neno humo: dakika ngapi, kinachoonekana, kinachotakiwa, nani kasema. Katika yale 41, sita yalikuwa pongezi na 14 yalirudia yaliyokwisha kusemwa. Yakabaki 21. Matano yalikuwa makosa yetu, kwa mfano jina la meneja tulilikosea herufi. Kumi yalikuwa mabadiliko ya kawaida. Manne yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Mawili yalikuwa kazi mpya kabisa, maana walitaka lionekane tangi la kupozea maziwa ambalo siku ya kupiga picha hata halikuwa limefika.

Yale manne sikuyagusa. Nilimrudishia meneja orodha nikamwomba kamati ichague, kisha yeye mwenyewe aniletee jibu moja. Walijibizana siku mbili mimi sipo. Hotuba ikabaki sekunde 40, na tangi tukalitoza kama kazi mpya.

Siku hizi mkataba wetu unasema raundi mbili za marekebisho zimo ndani ya bei, orodha inaletwa na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na makosa yetu hayahesabiwi kuwa raundi. Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

Picha_Poa

Sisi tukishalipwa tunamwomba mteja atupe nyota tano Google Maps. Ukweli ni kwamba wengi wanasema "sawa" na hawafanyi. Labda umpe zawadi ndogo?

Dunga_Mhariri

Ndugu, anazungumzia maoni ya video ambayo haijaisha.

Picha_Poa

Aa, samahani. Lakini nyota nazo ni shida, mtaniambia siku nyingine.

Dunga_Mhariri

Kibanda, orodha yako ni nzuri ila mteja atajazaje dakika ikiwa haioni? Kila rasimu yangu ina namba ya vasheni juu pembeni, na chini saa inayotembea. Kwenye DaVinci Resolve nenda Workspace, halafu Data Burn-In, uchague Record Timecode. Usichague Source Timecode. Hiyo ni saa ya kamera, inaruka kila shoti ikibadilika, na utaletewa dakika ambazo hazipo popote kwenye video.

Angalia pia taimlaini inaanzia wapi. Resolve huanzisha kwenye 01:00:00:00. Mzee mmoja hapa Kisumu aliniuliza ile saa nzima ya mwanzo nimeificha wapi, maana yeye kaona dakika nne tu! Weka 00:00:00:00 kabla ya kutoa faili.

Na ukikaa kurekebisha, anza na noti ya mwisho urudi nyuma. Ukikata sekunde 6 kwenye 1:10, kile kilichoandikwa kiko 4:32 sasa kiko 4:26, na kadiri unavyoendelea ndivyo unavyozidi kupotea. Ukianzia mwisho, zilizotangulia hazisogei. Mimi nililijua hili baada ya kufuta sura ya mtu asiyehusika.

Kamera_Bungoma

Mnazunguka sana. Toza shilingi 500 kwa kila badiliko, mwone kama hawatanyamaza. Mimi nimeanza na simu zimepungua.

Dunga_Mhariri

Zitapungua, sikatai. Nilijaribu mwaka mzima. Mteja akajifunza kutia mambo manane kwenye sentensi moja ili lihesabiwe badiliko moja, na herufi ikikosewa tunabishana ni ya nani. Tena mabadiliko hayalingani. Kurekebisha jina ni dakika mbili. Lakini akisema "badilisha wimbo", mikato yote uliyoifuatanisha na mdundo inakufa, unaanza upya. Utachukua 500 kwa hiyo?

Kamera_Bungoma

Wimbo ni elfu mbili basi.

Mama_Harusi_Kakamega

Nyinyi mna bahati, ushirika una meneja. Mimi napiga harusi na mazishi. Msemaji mmoja wa familia ni nani? Bibi harusi aliniambia "yote sawa dada, asante", nikafunga kazi, nikafuta faili kubwa. Mwezi mmoja baadaye mama mkwe akapiga: dada zake hawaonekani hata mmoja, na walitoka Busia na zawadi.

Siku hizi kabla sijagusa mkato wa kwanza naomba majina kumi ya watu ambao lazima waonekane, kila mmoja na picha yake. Upande wa bwana watano, upande wa bibi watano. Hilo limeniondolea zaidi ya nusu ya maneno. Raundi nazo nimeweka mbili kwa harusi.

Kwa mazishi nimeshindwa. Mtoto wa marehemu anaandika usiku kutoka ng'ambo, anaomba uso wa baba ukae kidogo zaidi. Nimwambie raundi zimeisha?

Dunga_Mhariri

Hapana. Hapo mimi pia sihesabu.

Kamera_Bungoma

Ndiyo maana hamtajirika.

Kibanda_58

Mama, hilo la majina kumi naliiba leo leo.

Niulize jingine: bosi mpya akitokea raundi ya pili? Kazi moja ya shule, mwalimu mkuu aliidhinisha v1, kisha mwenyekiti wa bodi akaja na mambo 11 ya kwake. Tulisema hiyo ni raundi ya ziada, walipe nusu siku ya kuediti. Walilipa, ila hawajatupigia tena hadi sasa. Sijui kama tulikosea.

Dunga_Mhariri

Mimi huuliza mapema: "Nani anaweza kuikataa hii video baada yako?" Huyo lazima aone v1. Na sigusi rangi wala sauti mpaka wote wamekubali mpangilio wa picha, kwa maandishi. Ila bosi wa kutokea angani sina dawa yake.

Kamera_Bungoma

Na aliyenyamaza? Nina rasimu ya mtu tangu mwezi wa tatu.

Kibanda_58

Sisi tunampa siku saba, tunamkumbusha mara moja, halafu foleni inasonga. Akirudi anasubiri zamu.

Jana tumepokea orodha ya v2 ya kazi nyingine, mistari sita tu, safi. Mstari wa nne: "2:15, rudisha kama ilivyokuwa kwenye v1." Nikatafuta v1 kwenye mashine, kumbe nilirekebisha juu ya taimlaini ile ile bila kunakili. Nimeshinda naijenga upya nikitazama faili lenye saa nililomtumia. Mnazihifadhi vipi za zamani bila kujaza diski?