Tupeane uzoefu: usaili wa masomo ya uzamili, pale wanapokuuliza "unataka kutafiti nini hasa?"

Kijana wa Ihumwa: Mbukwenyi wakuu. Mdogo wangu ameitwa usaili wa ufadhili kwa Zoom wiki ijayo. Jana nimemuuliza anataka kutafiti nini, akanijibu "mabadiliko ya tabianchi na kilimo". Nikakumbuka jinsi swali hilo linavyotoa jasho. Waliokwisha pita huko, mwageni hapa.

Shangazi Kizota: Mimi nilisema "nataka kuwasaidia wakulima wa zabibu". Mzee mmoja akaniuliza, zabibu zina shida gani? Mate yakanikauka.

Mzee wa Data: Hilo jibu la mdogo wako watalisikia kwa watu kumi siku hiyohiyo. Ngoja niwape yangu, ni ndefu kidogo.

Nilianza na "maji ya ardhini Dodoma". Profesa akanikatisha: "Hiyo ni mada. Ni kitu gani ambacho hakuna anayekijua?" Nikaenda moja kwa moja Makutupora. Nikamweleza kwamba mji huu umekunywa maji ya visima vya kule kwa miongo mingi, na vipimo vya kina cha maji vimechukuliwa tangu miaka ya 1950. Maji yale hayapandi kila masika. Miaka mingi yanashuka polepole, halafu unakuja msimu kama wa El Niño ya 1997/98, yanapanda kwa kishindo. Swali langu lilikuwa: kinachoyapandisha ni jumla ya mvua ya msimu, au ni zile siku chache za mvua kubwa?

Akatulia, kisha akauliza lililokaribia kunimaliza: "Ukiwa umekosea, utajuaje?" Nikavuta pumzi. Nikamwambia, nitachukua misimu ambayo jumla ya mvua ni kubwa lakini imenyesha kidogokidogo. Kama visima vilipanda misimu hiyo pia, basi hoja yangu ya siku chache za mvua kubwa imeanguka. Hapo mama wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akaanza kuandika.

Ila profesa hakuniachia. "Mji umekua, mnavuta maji mengi zaidi. Utajuaje kwamba maji yameshuka kwa ukame na si kwa pampu?" Nikajibu kwamba kutenganisha hivyo viwili kunahitaji modeli ya maji ya ardhini, ujuzi huo sina, na ndio maana nimeomba kwao: maabara yao inafanya hiyo kazi kwenye maeneo makavu. Swali la "kwa nini chuo chetu" halikuulizwa tena.

Nyota ya Chamwino: Duh. Uzi umeishia hapa, sisi wengine tufunge virago.

Bonge la Mtu: Mimi usaili wa Utumishi ulifanyikia palepale Udom, tulikuwa wengi hadi nje. Njooni na vyeti halisi na kitambulisho, wakuu.

Shangazi Kizota: Mwanangu, huo ni wa ajira. Hapa tunaongelea masomo.

Bonge la Mtu: Usaili ni usaili tu.

Mwalimu Mstaafu Mtarajiwa: Mnamchosha kijana na mapampu. Aseme atarudi kujenga nchi, wazungu wanapenda hiyo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza wanakudai urudi kwenu ukae miaka miwili.

Mzee wa Data: Mwalimu, la Chevening ni kweli, lakini hilo ni sharti la kila anayepata, kwa hiyo kulitaja hakukutofautishi na mwenzako. Tena wao wanapima zaidi uongozi na mtandao wako wa watu. Ukiwamwagia Makutupora dakika kumi watasinzia. Kwanza mdogo wake kaomba wapi?

Mwalimu Mstaafu Mtarajiwa: Kwa hiyo uzalendo hauna maana siku hizi?

Mzee wa Data: Una maana ukiwa na anwani. Sema matokeo atayapokea nani: mamlaka ya maji? Ofisi ya bonde? Watayatumia kuamua nini, wachimbe wapi au wapunguze kuvuta lini?

Nyota ya Chamwino: Mimi ningeongezea asome kazi mbili tatu za huyo msimamizi. Si kumsifia, ni kuona aliishia wapi.

Shangazi Kizota: Na bando la akiba, na simu iliyojaa chaji. Umeme hauna adabu.

Kijana wa Ihumwa: Nimemsomea yote. Kaomba mambo ya udongo, Ujerumani. Sasa anasema swali lake ni kama matuta ya kukinga maji yanaongeza mavuno ya mtama Bahi. Limekaa sawa?

Mzee wa Data: Limesogea. Muulize: mwaka wa mvua nyingi, matuta hayohayo hayawezi kutuamisha maji na kuharibu mtama? Na mashamba yasiyo na matuta ya kulinganishia anayo wapi? Akijibu hayo mawili, anipigie simu nimhoji kwa sauti ya profesa.

Bonge la Mtu: Hata mimi nihoji basi, wa kwangu ni Alhamisi.

Mzee wa Data: Wa Utumishi?

Bonge la Mtu: Ndiyo.