Mnaotunga maswali ya nadharia ya muziki kwa maneno bila nota, mnawaonea wanafunzi

Wakuu nimechoka jamani, acha niseme tu. Nafundisha vijana wa kwaya nadharia ya mwanzo, na wengi wanajifunza kwa maswali ya maandishi matupu yanayorushwa kwenye magrupu maana mistari mitano ya nota huwezi kuitype kwenye simu. Hilo sina shida nalo. Shida ni swali lenye majibu mawili halafu mtunzi anakubali moja tu na mtoto anapigwa ekisi.

Swali la juzi: "Kati ya C na A kuna intavali gani?" Binti wangu mmoja kaandika ya sita maja. Karatasi ya majibu inasema ya tatu maina. Sasa nani kasema tunashuka?? Ukianza C ukapanda unahesabu C, D, E, F, G, A, herufi sita, na nusu toni 9, hiyo ni ya sita maja bila ubishi. Ukianza C ukashuka hadi A ya chini yake ni C, B, A, herufi tatu, nusu toni 3, ya tatu maina. Zote ni sahihi! Kwenye nota ungeona kwa macho A iko wapi, kwa maneno haionekani, kwa hiyo ni kazi yako wewe mtunzi kuandika "toka C kupanda hadi A iliyo karibu". Maneno machache tu yanakushinda nini?

Na la ridhim ndo limenitoa machozi. "Bar ina kweva sita, taja taim signecha." Ipi sasa, 3/4 au 6/8? Kweva sita zinaenea kote kote! Tofauti ni mkazo unapoangukia. Andika hivi: "Bar ina noti sita fupi zinazolingana, mkazo uko kwenye ya 1 na ya 4", mtoto atapiga makofi mezani, MOJA mbili tatu NNE tano sita, atajua ni 6/8. Ukitaka 3/4 sema mkazo uko kwenye ya 1, ya 3 na ya 5. Hapo umempima sikio na akili, siyo kubahatisha.

Kijana wa Besi: Mkuu unakuza mambo, intavali ni kuhesabu nusu toni basi. Mpe mtoto idadi atapata jibu, herufi za nini?

Mpiga Kinanda: Besi hapo umepata nusu. Toka C kupanda hadi F shapu ni nusu toni 6. Toka C kupanda hadi G flati ni nusu toni 6 vilevile, kwenye kibodi ni kitufe kilekile kabisa. Lakini ya kwanza ni ya nne iliyoongezwa maana herufi ni nne, C D E F, ya pili ni ya tano iliyopunguzwa maana ziko tano. Herufi zinakupa namba, nusu toni zinakupa aina. Ndo maana swali likisema "kitufe cheusi kilicho kati ya F na G" limeshaharibika, lazima utaje jina la noti.

Mama Alto: Samahani walimu, kibodi yangu nikibonyeza transpozi nyimbo inapanda ila skrini bado inaandika C, hiyo nayo ndo intavali? Mafundi wananiambia ibaki hivyohivyo

Mpiga Kinanda: Hapana mama, hiyo mashine inasogeza sauti zote pamoja, umbali kati ya noti na noti haubadiliki.

Sauti ya Pili: Mimi naungana na mleta uzi, ila ongezeni na skeli. "Skeli yenye shapu moja ni ipi?" Vijana wangu wanasema G maja, mmoja kasema E maina akakosa, wakati zote zina F shapu. Halafu ukimuuliza A maina ina noti zipi hujamwambia ipi, ya kawaida haina shapu, ya hamoniki inapandisha G kuwa G shapu. Kwetu tunaimba kwa do re mi, maina tunaianzia la, kwa hiyo hiyo G shapu ni sol iliyopandishwa. Kwa nini maswali yasiandikwe kwa do re mi tu?

Mleta uzi: Sauti ya Pili kwenye skeli umenena. Ila do re mi peke yake sikubali, kuna walimu wanaianza maina kwa do na mi flati, swali moja darasa mbili litaleta vurugu ileile. Labda mtunzi aandike juu kabisa "la" ni noti ipi.

Sauti ya Pili: Hao wa do na mi flati ndo waliotuharibia watoto, hapo hatutaelewana mkuu.

Kijana wa Besi: Sawa ya herufi nimeelewa. Ila ile ya kweva sita mi bado nasema ni 3/4, hapo mtabishana wenyewe

Mleta uzi: Besi soma tena mkazo, piga makofi mezani sasa hivi halafu urudi.