Tupeane uzoefu: maswali ya "meneja afanye nini kwanza", majibu yote manne yakionekana sawa

Mkomani_Juu
Asalaam aleikum. Sisi tunaojiandaa kwa mtihani wa umeneja wa miradi, PMP, huku Lamu, na wenzetu wa Malindi, hesabu hazitusumbui sana. Kinachotukamata ni maswali ya visa. Unasimuliwa hali, unapewa majibu manne, matatu yana mashiko, na unaulizwa meneja aanze na lipi. Naweka moja nililolitunga kwa mtindo huo. Kila mtu aseme anachagua nini, na muhimu zaidi, anayakataa mengine kwa sababu gani.

Mradi wa kukarabati nyumba ya mawe mjini Lamu umefika katikati. Kazi yenyewe, bajeti na ratiba vilishaidhinishwa. Mwenye nyumba anamwendea fundi mkuu na kumwambia anataka chumba kiongezwe darini, na kwamba gharama ataibeba yeye. Fundi mkuu anamwuliza meneja wa mradi kama aanze. Meneja afanye nini kwanza?

A. Amruhusu fundi, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye mlipaji.
B. Alipeleke ombi kwenye kamati ya mabadiliko.
C. Achunguze chumba hicho kitaathiri nini katika gharama, muda na uimara wa jengo.
D. Aubadilishe mpango wa mradi na kuwaarifu wahusika.

Kijana_wa_Langoni
C, bila kufikiri mara mbili. Kanuni ni moja tu: tafuta jibu lenye "chunguza", "tathmini" au "pitia", chagua, songa mbele. Meneja wa mtihani huu hakurupuki.

Bi_Miradi_Malindi
C ni sahihi, mwanangu, lakini kanuni hiyo itakuangusha swali la tatu tu. Angalia majibu yenyewe yalivyo. B, C na D zote ni kazi ambazo meneja atazifanya, kwa hiyo hakuna jibu baya kati yake. Ni ngazi moja iliyokatwa vipande, na unaulizwa mguu uko kipande gani sasa. Ombi likija, unalielewa na kulipima, unalipeleka kwa wenye mamlaka ya kuamua, wakikubali unabadilisha mpango na kuwaambia wahusika, ndipo fundi anashika mwiko.

Sasa rudi kwenye kisa, utafute kilichokwisha kufanyika. Hapa hakuna aliyepima chochote. Ukilipeleka ombi kamatini leo, swali la kwanza watakalokuuliza ni "litatugharimu nini?", na huna la kujibu. Ndiyo maana C inatangulia B. D inakuja baada ya kukubaliwa. A inaruka ngazi nzima.

Badilisha sentensi moja uone. Kisa kikisema "timu imeshakadiria kwamba chumba kitaongeza wiki sita", jibu ni B, na yule aliyekariri "chunguza" atachagua kufanya mara ya pili kazi iliyokwisha fanywa. Kikisema "kamati imeridhia", jibu ni D. Majibu ni yaleyale manne, na kilichohama ni kisa.

Fundi_Chokaa
Mimi nauliza kuhusu A. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, na amesema atalipa. Kwa nini mtihani unamwona kama mgeni?

Bi_Miradi_Malindi
Hamwoni mgeni. Ana haki ya kuomba, na huenda akakubaliwa. Ila neno "nitalipa" linajibu jambo moja tu, la fedha. Wewe unajua kuliko mimi uzito wa chumba kipya unashuka wapi.

Fundi_Chokaa
Unashuka kwenye boriti na kuta za matumbawe. Boriti za mikoko hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, na sakafu ya juu haikupigiwa hesabu ya kubeba matofali na zege. Lazima ukuta wa chini ukaguliwe kwanza, uone kama chokaa bado imeshika au imegeuka unga. Halafu vifaa vyenyewe vinakuja kwa jahazi, na kutoka ufukweni ni punda. Kila tofali la ziada lina safari yake. Kisha kuna vibali. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuinua ukuta darini kama unajenga kiwanjani kwako.

Bi_Miradi_Malindi
Basi umeshaandika jibu C kwa ukamilifu kuliko kitabu chochote. Uimara, usafirishaji, kibali, muda. Mwenye nyumba mwenyewe akiambiwa hayo huenda akabadili nia kabla kamati haijaitwa.

Mkomani_Juu
Maalim, na kama fundi alishaanza? Tuseme meneja anafika asubuhi, anakuta kozi tatu za matofali zimeshapanda.

Bi_Miradi_Malindi
Hapo soma kama kisa kinataja hatari kwa watu. Kikisema dari imepata ufa na mafundi wako chini yake, kwanza ni kusimamisha kazi na kuwatoa watu. Usalama wa mtu hausubiri uchunguzi wa gharama. Kama hatari haikutajwa, usiizue wewe. Zungumza na fundi ujue kilichofanyika na aliyekiagiza, upime athari, kisha ombi lifuate njia yake. Wengi wanakosa hapa kwa kuongeza kisa kichwani mwao. Mjuzi wa ujenzi ndiye anayeathirika zaidi, kwa sababu anajua mambo mengi yanayoweza kutokea. Jibu kwa yaliyoandikwa.

Jikoni_Malindi
Samahani, mimi ni msimamizi wa jiko la hoteli huku Malindi. Nina wapishi wawili hawasemezani, na chakula cha usiku kinachelewa. Nimpeleke yupi kwa meneja mkuu kwanza?

Bi_Miradi_Malindi
Kaka, hapa tunajadili maswali ya mtihani, lakini hali yako nayo huulizwa humo. Jibu la "mpeleke kwa mkubwa" huwekwa makusudi kama mtego. Meneja hupandisha jambo akiwa ameshindwa kwa mamlaka yake, au jambo lenyewe liko nje ya mamlaka yake. Kaa nao faraghani, usikie chanzo. Huenda ugomvi wote ni jiko moja linalogombewa saa kumi na mbili jioni, na dawa yake ni ratiba ya jiko.

Jikoni_Malindi
Kwa kweli jiko kubwa ni moja. Ahsante dada.

Kijana_wa_Langoni
Haya, nakubali kanuni yangu ina matundu. Nipeni hili basi. Jahazi la chokaa limekwama kwa bahari chafu ya kusi. Rejesta ya hatari ilishaitaja hali hiyo, na mpango ulikuwa kuweka akiba ya chokaa Mokowe. Nilichagua "chunguza athari ya ucheleweshaji", nikaambiwa nimekosa.

Bi_Miradi_Malindi
Umekosa kwa sababu uchunguzi ulishafanyika siku hatari ilipoandikwa. Hatari iliyotabiriwa ikitokea, kwanza unatekeleza mpango uliowekwa: toa akiba Mokowe, ivushwe kwa njia iliyo salama. Kuita mkutano au kumpigia mfadhili simu hakutangulii. Kama rejesta haikuitaja, hapo hali inageuka kuwa tatizo jipya. Unaliandika kwenye daftari la matatizo, unalipima, unatafuta njia. Kwa hiyo neno la kutafuta kwenye kisa ni lile linalokwambia kama jambo lilitarajiwa.

Shela_Pwani
Msisahau na zile timu zinazofanya kazi kwa vipindi vifupi. Mimi niko upande wa programu za simu, na wenzangu wa ujenzi wanakosea hapo kwa mazoea. Tuseme timu inatengeneza programu ya kukatia tiketi za boti, na katikati ya kipindi cha wiki mbili mteja anataka malipo ya M-Pesa yaongezwe. Huko hakuna kupeleka kamatini. Ombi linakwenda kwa mwenye bidhaa, yeye analipanga kwenye orodha ya kazi kulingana na thamani yake, na timu inaendelea na ilichoahidi kipindi hiki. Jibu lenye "kamati ya mabadiliko" katika kisa cha namna hiyo huwa ni chambo.

Bi_Miradi_Malindi
Kweli kabisa. Sentensi ya kwanza ya kisa huonyesha mradi ni wa aina gani. Isome kabla ya majibu, na sentensi ya mwisho uisome mara mbili. Ikiuliza "afanye nini kwanza" unatafuta hatua. Ikiuliza "angefanya nini kuzuia hali hii" unarudi nyuma, na majibu yote yanayotibu hali ya sasa yanaanguka.

Mkomani_Juu
Muda je? Kusoma hivyo si kutanikwamisha?

Shela_Pwani
Kwa muundo ulioanza Januari 2021, maswali ni 180 kwa dakika 230, kama sekunde 76 kwa swali. Ukimaliza la 60 uwe na dakika zisizopungua 150 mkononi, na baada ya la 120 zibaki kama 75. Kuna mapumziko mawili ya dakika 10, na ukishaingia mapumzikoni hurudi tena kwenye maswali uliyoyaacha nyuma, kwa hiyo usiache swali wazi ukidhani utalirudia. Kabla ya kulipia, hakikisha muundo wa mwaka utakaofanya.

Fundi_Chokaa
Nina moja la mwisho. Majibu yakiwa na "liandike ombi kwenye daftari la mabadiliko" na pia "chunguza athari", lipi linatangulia? Fundi mzuri huandika kwanza, asije akasahau nani alisema nini.

Bi_Miradi_Malindi
Kama ombi limefika rasmi kwa maandishi, nachagua kuliandika. Kama ni maneno ya mdomo, kama ya mwenye nyumba wetu, nachagua kulielewa na kulipima, maana huenda hata halitakuwa ombi.

Shela_Pwani
Mimi hapo sikubaliani nawe, Bi. La mdomo ndilo linalohitaji kuandikwa mapema zaidi, kwa sababu ndilo linalopotea. Nimeona vitabu vya mazoezi vikitoa majibu tofauti kwa swali hilohilo.

Bi_Miradi_Malindi
Hata mimi nimeyaona. Ninachoangalia ni kama jibu la kuandika linaishia hapo, au linaendelea na "na kulipima". Likiwa na vyote viwili, halina mshindani. Likiwa peke yake dhidi ya kupima, bado nasimama nilipo, nawe usimame ulipo mpaka mwenye hoja nzito zaidi aje.