Kuhamisha chati za WhatsApp, Android kwenda iPhone: njia ipi?

Mwenyeji_Shela
Assalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, na makubaliano yote na wageni tangu 2019 yamo kwenye WhatsApp ya simu ya zamani, Android. Wiki mbili nyuma nilipata iPhone, nikaingiza namba, chati tupu! Nasikia kuna nakala ya Google Drive, kuna Move to iOS, na kuna programu za kulipia za kompyuta. Ipi inafaa?

Bahari_Langoni
Google Drive, basi. Mimi nilipobadili simu iliniuliza nirudishe nakala, nikakubali, yakaja yote.

Fundi_Mkunguni
Ndugu yangu, wewe ulitoka Android ukaingia Android. iPhone hairudishi nakala ya Google Drive, yenyewe inatumia iCloud.

Mwenyeji, njia yako ni Move to iOS, programu ya Apple unayoiweka kwenye Android, ila inataka iPhone iliyo mpya au iliyofutwa yote. Yako ushaitumia, kwa hiyo anza kwa kurudisha namba kwenye Android na uhakikishe chati za zamani zinaonekana. Ndipo uifute iPhone. Ukiiwasha, chagua kuhamisha kutoka Android, uandike kwenye Android tarakimu utakazopewa, kisha uweke alama kwenye WhatsApp. Ikimaliza kuandaa, Android itakutoa kwenye akaunti. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Mwisho weka WhatsApp kwenye iPhone, ingia kwa namba ileile, bonyeza Start.

Simu zote mbili ziwe kwenye chaji, na usiondoke kwenye Move to iOS ukaenda kuangalia kitu kingine, uhamisho utakatika. Kumbukumbu za simu ulizopiga ndani ya WhatsApp hazihami.

Binti_Malindi
Mbona mimi sikufuta chochote? Niliingiza namba tu, chati zote zikatokea.

Fundi_Mkunguni
WhatsApp au Telegram, dada?

Binti_Malindi
Eh, Telegram 😅

Fundi_Mkunguni
Ndiyo hivyo. Telegram huweka chati kwao, isipokuwa zile za siri.

Mwenyeji_Shela
Na meseji za wiki hizi mbili? Nina wageni watatu wameshalipa arbuni humo.

Fundi_Mkunguni
Hapo ndipo penye uzito. Hazichanganyiki na za zamani, na ukifuta iPhone zinaondoka. Fungua kila chati muhimu, chagua Export chat, ujitumie kwa barua pepe. Utapata faili ya kusoma tu, WhatsApp hairudishi hiyo ndani.

Bahari_Langoni
Basi alipie ile programu ya kompyuta, asifute kitu.

Fundi_Mkunguni
Programu hizo si za WhatsApp wenyewe, na unazikabidhi chati za wageni wako. Mimi singethubutu. Wengine wanasema zimewafaa.

Mwenyeji_Shela
Nitaanza na zile chati tatu za arbuni usiku huu. Kufuta iPhone, bado nasita. Nayo stima yetu hii, ikikatika katikati?

Fundi_Mkunguni
Chati zinabaki kwenye Android mpaka uzifute mwenyewe. Utaanza upya tu.