Nywele za utosini zimegoma kuota, naombeni mafuta ya uhakika

Binti_wa_Bombo: Habari zenu wana jukwaa. Nina miaka 34, naishi Kampala, ila nimekulia Bombo kambini, ndiyo maana Kiswahili kimenikaa kuliko Kiganda. Mwezi uliopita nywele za utosini zimekatika, pamebaki kiduara kama kifuniko cha soda. Nimetumia mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu, na lile kopo jekundu la soko la Owino. Hakuna. Nitajieni mafuta yanayootesha haraka, maana kwanjula yetu, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwetu, ni baada ya wiki tatu. Siku hiyo nitawapigia wageni magoti toka asubuhi mpaka jioni, na mtu akipiga magoti kinachotazamwa ni utosi.

Nalongo_Jinja: Pole mdogo wangu. Mimi zangu zilitoka pembeni, juu ya masikio, kwa rasta za kubana. Kila nikitoka saluni nilikuwa nakunywa panadol mbili ndipo nilale. Nilifumua, nikakaa miezi sita na kitambaa, zikarudi zote. Pumzisha kichwa tu.

Fundi_Boda: Bwana arusi apige magoti yeye, tatizo limekwisha. Ila tusiende mbali, mimi nina vipele kisogoni kila nikinyolewa, vimekuwa vigumu kama punje za mahindi. Na hayo mafuta yatanifaa?

Mjuzi_Kawempe: Dada, hayo ni mapunye, usipoteze muda. Wanangu wawili waliyapata shuleni. Mafuta hayaponyi mapunye, yanataka vidonge vya griseofulvini, wiki sita mpaka nane. Nunua uanze leo.

Musawo_Mstaafu: Nimekaa kliniki za ngozi miaka 19 kama klinikali ofisa. Mjuzi yuko sahihi kwamba mapunye hayaponi bila vidonge, lakini mtu mzima wa miaka 34, utosini katikati, si hapo ningeanzia. Binti, niambie kwanza: pale panawaka au kuchoma? Ukipabonyeza panauma? Na ukipamulika na tochi ya simu, panang'aa?

Binti_wa_Bombo: Hapana, ni nywele tu. Nalongo, zako zilirudi na urefu gani?

Musawo_Mstaafu: Umeruka swali.

Binti_wa_Bombo: Kuwasha kupo, ndiyo. Nani hawashwi na kichwa Kampala hii yenye vumbi?

Musawo_Mstaafu: Sikuuliza kuwashwa. Nimeuliza kuwaka moto na kuuma ukigusa.

Binti_wa_Bombo: Sawa. Panawaka. Kama mtu amenipaka pilipili halafu akanifunika. Usiku siwezi kulalia utosi kwenye mto mgumu, na nikichana, chanuo likifika pale natoa machozi. Si mwezi mmoja, ni mwaka na nusu. Mwanzo nywele zilikuwa zinakatika tu pale juu, nikadhani ni dawa ya kunyoosha imezidi. Sasa katikati ni laini kabisa, ukipitisha kidole ni kama unagusa kucha. Tochi ikipiga panang'aa. Mmefurahi?

Nalongo_Jinja: Yesu wangu. Zangu hazikuwa hivyo. Mzigo wangu ulikuwa wa kilo sita, wako ni wa kilo mia. Basi futa ushauri wangu wa kupumzisha.

Musawo_Mstaafu: Asante kwa kusema. Nisikilize kwa utulivu. Nywele ikikatika au iking'oka kwa kubanwa, mwanzoni kitundu chake kwenye ngozi kinabaki. Ukikaza macho unaviona vitundu vidogo vidogo kama vya ganda la chungwa, na kitundu kikiwepo, matumaini yapo. Pale pako panapong'aa, mwambie mtu unayemwamini apige picha ya karibu, kwenye mwanga wa dirisha. Kama vitundu havionekani, maana yake shina la nywele limeliwa na uvimbe wa ndani, na mahali pake pamekaa kovu. Kovu halina nywele. Hakuna mafuta ya kulipitia, yawe ya 5,000 au ya 200,000.

Kinachonishughulisha si katikati, ni ukingo. Unakosikia moto leo ndiko ugonjwa unakofanya kazi leo. Aina inayoanzia utosini na kutanuka kama duara tunaiona zaidi kwa wanawake weusi, na wengine hawasikii chochote, wanashtukia tu duara limekua. Wewe umepigiwa kengele mwaka na nusu.

Mjuzi_Kawempe: Basi ni dawa ya kunyoosha. Niliwaambia wake zetu, kemikali ile inatoboa hata bati. Mwenye kutumia ndiye anayepata.

Musawo_Mstaafu: Nusu ya hilo ni kweli. Dawa kali, pasi ya moto na kusukwa kwa kubana vinachochea. Lakini nimewaona wanawake ambao hawajawahi kutia dawa maishani, na duara ni lilelile. Kuna familia ambazo linapita kwa damu, na mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kujenga unywele wenyewe. Binti, mama yako nywele za utosini anazo?

Binti_wa_Bombo: Mama hafungui kilemba hata jikoni. Nilimwona mara moja tu, kisimani, nikiwa darasa la tano. Sikuuliza.

Mtilia_Shaka: Naona mnachezewa. Akaunti ina siku nne. Kwanza "mwezi uliopita", sasa mwaka na nusu. Kwanza anawashwa na vumbi, sasa ni pilipili. Na mwanzoni kabisa ametaja kopo jekundu la Owino. Subirini ukurasa wa pili atokee mtu kuuza "mafuta ya Binti". Nimeshawaona watatu wa aina hii tangu mwaka uanze.

Fundi_Boda: Kumbe! Na mimi nilishaulizia bei.

Mtilia_Shaka: Kama ni kweli, weka picha ya utosi.

Binti_wa_Bombo: Kichwa changu si cha kuwekwa hapa kwa sababu wewe umeshashiba uongo wa wengine. Nilisema mwezi mmoja kwa aibu. Na kwa kuwa tumefika huku, nimalize. Miezi minane iliyopita daktari mmoja wa ngozi aliniangalia kwa kioo chake chenye taa, akaniambia anataka kukata kipande. Niliondoka, sikurudi. Nilijiambia, mtu ananikata kichwa nilicho nacho kabla ya arusi? Nikaenda saluni, msusi akanishonea wivu, yaani nywele za bandia, juu yake, na kwa wiki tano nilionekana mtu. Sasa nimeshalipa amana ya 150,000 kwa ajili ya wivu mpya wa kwanjula, wa kushonwa na gundi mbele. Kwa hiyo msiniambie nisishone. Nimeuliza mafuta.

Nalongo_Jinja: Sasa hapo ndipo nimemwamini. Muuza mafuta hawezi kujisema hivyo.

Mtilia_Shaka: Muuza mafuta hodari ndiye anayejisema hivyo.

Musawo_Mstaafu: Hata kama ni hadithi, kuna mwingine anasoma na utosi unamuwaka, kwa hiyo namjibu huyo.

Kipande kinachokatwa ni cha milimita nne, chembamba kuliko kifutio cha penseli. Wanakufanyia ganzi, sindano yenyewe ndiyo inauma, halafu uzi mmoja au miwili. Kisichosemwa sana ni mahali pa kukata. Kipande kikitoka katikati panapong'aa, maabara itajibu "kovu", jambo unalolijua tayari. Kinatakiwa kitoke ukingoni, pale penye nywele bado na panapouma, ndipo aina ya uvimbe inaonekana. Umwambie daktari mwenyewe: "Hapa ndipo panawaka." Ukipaona pana magamba, omba wakwangue na kupima fangasi papo hapo, ili Mjuzi naye apate haki yake. Lupasi ya ngozi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuishambulia ngozi, nayo inaweza kuacha kovu kama hilo, ndiyo maana watakuangalia na masikioni.

Na usianze krimu ya steroidi ya duka la dawa kabla hujakatwa, itatuliza ngozi na kuficha ushahidi. Baada ya jibu, ndiyo, steroidi inaweza kuwa sehemu ya tiba: krimu kali kama klobetasoli, au sindano ndogo za steroidi zinazopigwa ukingoni kila wiki nne mpaka nane, mara nyingi pamoja na doksisaiklini miezi kadhaa. Hiyo doksisaiklini useme kama utakuwa unatafuta mimba baada ya arusi, kwa sababu hawaitoi kwa mjamzito. Kazi ya yote haya ni kuzuia duara lisitanuke na kuzima moto. Lililokwisha kovu halirudi, isipokuwa pembezoni kidogo pale mashina hayajafa.

Binti_wa_Bombo: Kwa hiyo hata nikienda sitapata nywele za kwanjula.

Musawo_Mstaafu: Hutapata. Wala kwa mafuta.

Binti_wa_Bombo: Basi wivu wangu nishone, niende baadaye, Januari. Kovu lipo tayari, wiki tatu zitaongeza nini?

Musawo_Mstaafu: Wiki tatu sizitishii. Kinachonitisha ni kwamba ulisema hivyohivyo miezi minane iliyopita. Na uzi wa wivu unavuta ngozi usiku na mchana mahali palepale palipovimba, huku gundi ikikaa juu. Vaa wigi lililolegea, la kofia ya neti, lenye klipu pembeni mbali na utosi. Ulivue usiku. Wageni hawatajua.

Nalongo_Jinja: Kwanjula za siku hizi nusu ya mabibi harusi wana wigi. Senga wa mume atavuta gomesi, si wigi.

Fundi_Boda: Na vipele vyangu?

Musawo_Mstaafu: Ndugu, ukinyoa kipara kila wiki haviishi. Mwambie kinyozi aache nywele za milimita kadhaa kisogoni, asiguse kwa wembe. Vikianza kukua kama uvimbe, nenda kaone mtu wa ngozi, navyo pia huacha kovu. Usivitumbue.

Mjuzi_Kawempe: Wa ngozi tutawapata wapi? Kila hospitali ina foleni mpaka barabarani.

Musawo_Mstaafu: Mulago kuna kliniki ya ngozi, na Mbarara wanafundisha madaktari wa ngozi, kwa hiyo kule pia wapo. Foleni ipo, sikatai.

Binti_wa_Bombo: Nimempigia wa saluni. Anasema amana hairudi, lakini atanigeuzia iwe wigi la kuvaa, niongeze 80,000. Nimemuuliza kama litabana juu, akasema "dada, unataka kupendeza au unataka kulala?" Kliniki nitaenda Jumanne, nimemwomba dada yangu anisindikize kwa sababu sindano naiogopa. Mama sijamwambia. Sijui nianzie wapi, pengine na kile kilemba chake.

Mtilia_Shaka: Jumanne ipi?

Nalongo_Jinja: Wewe kaa hapo na Jumanne yako.

Binti_wa_Bombo: Ya wiki hii. Mulago, saa mbili asubuhi. Njoo uone foleni.