Bwana wa mwaka wangu ni Jua au nimekosea? Naomba ushauri kabla sijaongeza mtaji

Spea_Mkononi
Wanajamvi habari za jioni. Mimi nyota nazijua juujuu tu, naomba mnivumilie. Nina duka la spea za pikipiki hapa Tanga, tuko wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Sasa anataka kila mmoja aongeze milioni nne ili tuchukue na matairi.

Rafiki yangu kanionyesha hesabu ya zamani. Unachukua miaka uliyotimiza, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki unaongeza moja, hiyo ndiyo nyumba ya mwaka wako. Sayari inayomiliki buruji ya nyumba hiyo ndiyo bwana wa mwaka. Mimi nilitimiza 37 Agosti iliyopita. Inabaki 1, naongeza 1, nyumba ya pili, ya mali.

Nikaingiza kwenye programu: 14 Agosti 1988, saa 4:00, Tanga. Ikanipa buruji ya Kaa ndiyo iliyokuwa inachomoza, kwa hiyo Kaa ndiyo nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili ikawa Simba, bwana wake Jua, na Jua lenyewe limo humo humo Simba. Rafiki akasema mwaka wa kuvuna huu, weka pesa.

Lakini hali halisi sasa. Tangu Septemba dukani hakuna amani, mahesabu hayalingani, na kila nikiuliza shemeji anapandisha sauti. Naona aibu hata kumwambia mke wangu. Huo ndio mwaka wa Jua kwenye mali? Au nasoma vibaya?

Hesabu_Darasani
Kaka, rafiki yako kakudanganya. 37 gawa kwa 12 ni 3 baki 1. Baki ni 1, basi ni nyumba ya kwanza, hiyo kuongeza moja inatoka wapi? Bwana wako ni Mwezi kwa sababu ni Kaa.

Mama_Zuhura
@Hesabu_Darasani mwanangu, mtoto akizaliwa leo ana miaka mingapi? Sifuri. Na mwaka wake wa kwanza wote anakaa nyumba ya kwanza. Akitimiza mmoja ndipo anahamia ya pili. Kwa hiyo nyumba ya kwanza inarudi ukitimiza 12, 24, 36, 48. Ukifika 37 uko ya pili. Hapo rafiki yake yuko sawa.

Na mwaka unaanza siku ya kuzaliwa kwake, hauanzi Januari. Wa huyu umeanza 14 Agosti 2025, unakwisha 14 Agosti 2026.

Sharifu_wa_Chini
Hapo hakuna haja ya programu. Chukua jina lako na la mama yako mzazi, yapige kwa abjadi, toa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Ukizaliwa saa nne au saa kumi ni mamoja. Nitumie majina nikufanyie.

Nahodha_Mstaafu
Sharifu, heshima yako, ila hiyo ni elimu nyingine kabisa. Nyota ya jina haibadiliki na saa. Hii anayouliza kijana inaanzia kwenye buruji iliyokuwa inachomoza mashariki alipozaliwa, na pwani yetu hii buruji moja hupita kwa saa mbili hivi. Ukikosea saa, nyumba zote kumi na mbili zinahama, na bwana wa mwaka anahama nazo.

Spea_Mkononi, nina swali moja. Hiyo "saa 4:00" uliipata wapi? Ninavyoona, Agosti hapo Tanga jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na wakati huo inachomoza Simba, kwa sababu Jua lilikuwa Simba. Programu yako imekupa Kaa, yaani buruji moja kabla ya Simba. Maana yake imekuzalisha kabla ya alfajiri, Jua likiwa bado chini. Je, ulizaliwa usiku?

Spea_Mkononi
Shikamoo mzee. Hapana, mama husema nilizaliwa saa nne asubuhi.

Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Basi ndiyo hapo. Saa nne ya mama yako kwenye programu ni 10:00. Wewe umeandika 4:00, ambayo kwetu ni saa kumi usiku. Programu haijui Kiswahili. Nimeliona kosa hili mara nyingi mpaka siku hizi ni kitu cha kwanza kukagua: mtu wa mchana lakini Jua limelala chini ya upeo.

Weka 10:00 utaona inachomoza Mizani. Nyumba ya pili kutoka Mizani ni Nge. Bwana wa Nge kwa wazee ni Mirihi, na usije ukaambiwa ni Pluto, hesabu hii ni ya sayari saba zinazoonekana kwa macho. Kwa hiyo bwana wa mwaka wako si Jua, ni Mirihi. Nyumba ni ileile ya mali, lakini mwenye funguo ni mwingine.

Hesabu_Darasani
Duh. Kumbe na mimi niliandika saa mbili usiku 2:00. Naenda kurudia.

Spea_Mkononi
Nimebadilisha, imetoka Mizani kweli. Mirihi yuko Punda, nyumba ya saba. Ni nzuri au mbaya?

Nahodha_Mstaafu
Usikimbilie nzuri na mbaya. Kila mtu mwenye miaka 37 duniani yuko nyumba ya pili mwaka huu, hiyo peke yake haisemi kitu. Kinachokutofautisha ni bwana: yuko wapi kwenye ramani yako na ana hali gani.

Mirihi wako yuko Punda, na Punda ni nyumbani kwake. Kwa hiyo ana nguvu, anafanya kazi yake bila kuzuiwa. Ila kazi yake ni ipi? Ni kukata, kupasha moto, kugombana. Na wazee walitofautisha aliyezaliwa mchana na aliyezaliwa usiku. Kwa mtu wa usiku Mirihi hupoa kidogo. Kwa mtu wa mchana kama wewe huwa mkali zaidi, wakati Zohali ndiye anayestahimilika.

Yuko nyumba ya saba, ya mke, mshirika na mshindani wa wazi. Sasa unganisha: mali, chini ya sayari ya ugomvi, iliyoketi kwa washirika, na mshirika wako ni mtu wa upande wa mke. Tena Mirihi huyo anamtazama kwa robo, yaani kwa jicho la ugomvi, Zuhura, ambaye ni bwana wa Mizani, yaani wewe mwenyewe, na Zuhura wako yuko nyumba ya kumi, ya kazi. Sikujua habari za duka mpaka ulipozisema, kwa hiyo usinisifu kwa utabiri. Nasema tu kwamba ramani iliyosahihishwa inafanana na malalamiko yako kuliko ile ya kwanza.

Ana nafuu moja. Mshtarii, ambaye ndiye wa kheri kwa watu wa mchana, yuko Mapacha na anamtazama Mirihi kwa jicho la urafiki. Yuko nyumba ya tisa: elimu, sheria, watu wa mbali. Mimi ningetafuta karatasi kabla ya kutafuta matairi.

Mama_Zuhura
Mzee kasema vizuri. Niongeze la kuangalia angani: bwana wa mwaka akitembea, mwaka nao unatikisika. Mirihi alikuwa ndani ya Mizani mpaka 22 Septemba, kisha akaingia Nge mpaka mwanzoni mwa Novemba. Amepita juu ya nyumba yako ya kwanza halafu ya pili. Ndiyo hiyo Septemba yako. Atarudi Punda, alipokuwa ulipozaliwa, kuanzia 9 Aprili mpaka katikati ya Mei, na Aprili hiyo atakutana na Zohali hapohapo. Mimi ningekuwa wewe nisingesaini kitu wakati huo.

Mpita_Njia
Astaghfirullah. Kaka, keti na shemeji yako, leteni daftari, hesabuni mzigo. Hayo mambo ya nyota yaache.

Binti_Ndoo
Samahani kuingilia. Nina miaka 29. Inabaki 5, naongeza 1, nyumba ya sita, ya maradhi. Ndiyo nitaumwa mwaka huu? Nimeshaanza kuhisi kichwa.

Mama_Zuhura
Binti yangu, ulikuwa nyumba hiyohiyo ulipokuwa na miaka 17. Uliumwa? Nyumba ya sita ni pia kazi za kutumwa, wafanyakazi, hata mifugo midogo. Angalia bwana wako ni nani kwanza. Na kichwa kikiuma nenda zahanati.

Binti_Ndoo
Miaka 17 nilikuwa bweni, nilifuga sungura wa shule 😂 Sawa mama.

Nahodha_Mstaafu
Hilo la kurudi nyuma ndilo jambo la maana kuliko yote. Spea_Mkononi, usiniamini. Mirihi kwa mtu wa Mizani anamiliki nyumba ya pili na ya saba, kwa hiyo ameshakushika kabla: ulipokuwa 13 na 25 kupitia ya pili, na ulipokuwa 30 kupitia ya saba. Miaka hiyo ilikuwaje? Jibu kwa kweli, usilazimishe.

Kando kidogo: Waajemi walimwita bwana wa mwaka salkhuda. Sal ni mwaka, khuda ni bwana. Khuda huyohuyo ndiye aliyemo ndani ya neno letu nahodha, bwana wa chombo. Abu Maashar wa Balkhi aliandika juu yake karne ya 9, na Valens wa Antiokia alikuwa anapiga hesabu hii tangu karne ya 2. Ndiyo maana nikajiita jina hili, sijawahi hata kuendesha ngalawa.

Spea_Mkononi
Nimekaa nimekumbuka. Nikiwa na 25, yaani Agosti 2013 mpaka 2014, nilikuwa na mwenzangu tunauza nguo za mitumba. Tuligombana kwa pesa, tukafika mpaka baraza la kata. Nikiwa na 30 nilioa, na mwaka huohuo tukaingia kesi ya kiwanja na jirani. Nikiwa na 13 sikumbuki chochote, nilikuwa nasoma tu, nyumbani palikuwa kimya.

Nahodha_Mstaafu
Viwili na kimoja hakuna. Afadhali hivyo, ukiniambia vyote vitatu vimelingana ningekushuku. Mtoto wa miaka 13 hana mali wala mshirika, labda yaliwapata wazazi na hukuambiwa.

Ila bado kuna tundu. Mama kusema "saa nne" baada ya miaka 37 inaweza kuwa saa nne na nusu, au karibu saa tano. Kwa siku yako, Mizani inamalizika kama saa tano kasorobo, kisha inaanza Nge. Ikiwa ni Nge, nyumba ya pili ni Mshale, bwana wa mwaka ni Mshtarii, naye anakuwa nyumba ya nane, ya madeni na pesa za watu. Hapo hadithi ni nyingine.

Sharifu_wa_Chini
Ndiyo maana nikasema jina na jina la mama.

Spea_Mkononi
Nimempigia mama sasa hivi. Anasema saa hakuitazama, ila anakumbuka baba alikuwa ameshakwenda bandarini, na bibi alikuwa anarudi sokoni na samaki. Nikamuuliza bibi alizoea kurudi sokoni saa ngapi. Akaniambia, inategemea samaki.

Milioni nne ninazo bado. Jumamosi naomba daftari la duka.