Gauni la satini lililobana: Liquify, kutenganisha tabaka, au kurekebisha mwanga?

PichaTemeke
Ndugu wanajukwaa, ninahariri picha za sendoff. Binti amevaa gauni la satini la kijani lililombana kuanzia kifuani hadi magotini, na satini haisitiri kitu: chini ya kiuno kuna mikunjo mitatu ya mlalo, zipu ya ubavuni imetuna, na mshono wa nguo ya ndani unaonekana pajani. Ameomba gauni litulie, ila umbo lake lisiguswe hata kidogo. Liquify inaivuta na fremu ya mlango iliyo nyuma yake. Je, niendelee nayo kwa uangalifu zaidi, nitenganishe tabaka la rangi na la nyuzi, au nirekebishe mwanga kwa brashi?

Kiwambo_Safi
Tenganisha tabaka, kaka. Weka Gaussian Blur ya 30 kwenye tabaka la chini, kisha zungushia mikunjo kwa Lasso na uilainishe yote kwa pamoja. Mimi hufanya hivyo kwa kila nguo, na kazi huisha haraka.

MamaCherehani
Naomba kutofautiana nanyi. Zipu ikituna, mara nyingi fundi aliivuta satini alipokuwa akiishona, au hakuweka gundi ya kitambaa chini yake. Na mikunjo ya mlalo chini ya kiuno huonyesha kuwa gauni limebana nyongani, hivyo linapanda juu. Achia mishono ya ubavuni kidogo, halafu piga pasi kwa ndani.

PichaTemeke
Nashukuru, mama, ila sherehe imekwisha na gauni limesharudishwa kwa aliyelikodisha. Nimebaki na picha tu.

Mzee_wa_Studio
Kiwambo_Safi yuko sahihi kwamba mkunjo unakaa kwenye tabaka la chini, lakini njia yake ina hatari ambayo hakuitaja. Kivuli kipana kinachozunguka nyonga kinakaa kwenye tabaka hilo hilo, na kivuli hicho ndicho kinacholiambia jicho kwamba mwili ni wa duara. Ukikilainisha pamoja na mikunjo, mstari wa nje hautasogea hata pikseli moja, na bado binti ataonekana bapa kama ubao. Zaidi ya hayo, karibu na mkono rangi ya ngozi itavujia kwenye kijani.

Kwa mikunjo ya ndani ya gauni ningeanza na mwanga. Ukiikuza picha utaona kwamba kila mkunjo ni ukanda mwangavu uliolala kando ya ukanda wa giza. Tengeneza tabaka mbili za Curves, moja ya kung'arisha na nyingine ya kufifisha, jaza barakoa zake rangi nyeusi, kisha pitisha brashi nyeupe yenye Flow ya 2% au 3% juu ya ukanda wenyewe tu, hadi ulingane na kitambaa kilicho jirani. Rudisha picha kwenye ukubwa wa kawaida mara kwa mara, kwa sababu ukifanya kazi kwa karibu muda wote utaacha mabaka. Usiumalize mkunjo ulio pale goti linapokunjwa. Satini isiyojikunja hapo haionekani kuwa imevaliwa na mtu.

Mshono wa nguo ya ndani ni mstari mwembamba tu. Healing Brush kwenye tabaka tupu inatosha, ikiwa brashi imezidi upana wa mstari kidogo na sampuli imechukuliwa kando yake, penye mng'ao unaofanana.

Zipu peke yake ndiyo inayovunja mstari wa nje. Hapo mimi huiacha Liquify: kwa Pen Tool huchora mstari kutoka mahali ubavu ulipo safi juu ya uvimbe hadi ulipo safi chini yake, huufunga mchoro kwa kuuzungusha nje ya uvimbe, huugeuza kuwa uteuzi wenye Feather ya pikseli 1, kisha hufunika uvimbe kwa ukuta wa nyuma kwa Clone Stamp. Fremu ya mlango haisogei, kwa kuwa hakuna kilichovutwa. Kabla ya kuanza, weka guides mbili penye upana mkubwa wa nyonga. Mwishoni zisipogusana na gauni kama awali, umempunguza.

Kiwambo_Safi
Hiyo ni kazi ya saa nzima kwa picha moja. Mwenye picha mia mbili atafanyaje? Liquify yenye brashi kubwa kuliko uvimbe, na fremu ikiwa imefunikwa kwa Freeze Mask, hutoa matokeo mazuri kwa dakika mbili.

Mzee_wa_Studio
Fremu ikiwa mbali na gauni, nakubali. Ikiwa imekaribia, kile kipande cha ukuta kilichobaki katikati kitanyooka kama mpira, na madoa ya rangi ya ukutani yatakusaliti. Kwa picha mia mbili, mteja achague za albamu kwanza.

PichaTemeke
Zipu imekubali kwa njia ya Pen Tool, na guides zimebaki zinagusa. Sasa nina wasimamizi waliovaa kitenge chenye maua makubwa, na kwenye mkunjo nusu ya ua imezama ndani. Nikirekebisha mwanga, ua linabaki limekatika.

Mzee_wa_Studio
Hapo mwanga hautoshi, kwa sababu sehemu ya ua haikupigwa picha kabisa. Mimi hupunguza giza la mkunjo kwa nusu na kuuacha.

Dada_Lenzi
Mimi hunakili ua zima kutoka sehemu nyingine ya kitenge na kulipindisha kwa Warp lifuate nyonga. Likikaa vibaya, hata hivyo, nyonga yenyewe huonekana imehama.